Kitetemeshi kimekufa, ripoti ni ya Ijumaa: dhana potofu kuhusu barua ya kuomba muda

Nimesaidia maabara ya fizikia hapa Unguja kwa miaka kadhaa, na barua za kuomba kuongezewa muda nimezisoma nyingi. Mwaka juzi binti mmoja wa Wete alinijia na rasimu yake. Ukurasa mzima: ama baada ya salamu, natumai u mzima wa afya, kisha maradhi ya bibi, kisha mvua, kisha boti ya Pemba iliyochelewa. Kifaa kilichoharibika kilipata sentensi moja tu, ya mwisho: "pia vifaa vilileta matatizo."

Dhana: mhadhiri hupewa huruma, fizikia atajua mwenyewe.

Mwalimu anayesoma barua ile ana swali moja kichwani: nini kimepimwa na nini hakijapimwa? Asipolipata jibu, hana cha kuamua, hata akikuonea huruma namna gani.

Jaribio lenyewe lilikuwa la mawimbi yaliyosimama kwenye uzi. Upande mmoja uzi hufungwa kwenye kitetemeshi kinachoendeshwa na jenereta ya mawimbi (siyo ile ya mafuta na kelele). Upande wa pili hupita juu ya kapi na kuning'inizwa mawe ya mizani. Unapandisha frikwensi taratibu mpaka uzi ujigawe matumbo yanayoonekana wazi, na baina yao vituo visivyotikisika.

Sehemu ya kwanza alikuwa ameimaliza. Uzi wa mita 1.20, jiwe la gramu 200, na frikwensi tano kwa tumbo 1 mpaka matumbo 5: 29.0, 58.5, 88.0, 116.5 na 146.0 Hz. Sehemu ya pili ilitaka abadilishe mawe, kuanzia gramu 100 mpaka 300, ili aone kasi ya wimbi inavyofuata mvutano wa uzi. Hapo ndipo kitetemeshi kilipozima.

Dhana: kifaa kikifa nusu ya kazi, huna ripoti.

Nilimwambia akae achore grafu ya alichonacho. Frikwensi dhidi ya idadi ya matumbo ilimpa mstari wenye mteremko wa 29.2 Hz. Mteremko huo ni kasi ikigawiwa kwa urefu wa uzi mara mbili, kwa hiyo kasi ni 2 × 1.20 × 29.2, yaani kama mita 70.1 kwa sekunde. Kisha akaitafuta kasi kwa njia ya pili isiyogusa frikwensi hata kidogo: mita 2 za uzi ule zilikuwa na gramu 0.80, hivyo kila mita ina kilo 0.0004, jiwe la gramu 200 huvuta kwa nguvu ya nyutoni 1.96; gawa 1.96 kwa 0.0004, chukua kipeuo cha pili, unapata mita 70 kwa sekunde. Njia mbili, jibu moja. Hiyo ni nusu ya ripoti iliyokamilika, na inaweza kuwa mezani kwa mwalimu Ijumaa ileile.

Asichoweza kukisema ni kwamba kasi hufuata kipeuo cha pili cha mvutano. Ana mvutano mmoja tu, na nukta moja haichori mstari. Basi aombe muda kwa ajili ya hilo peke yake.

Dhana: kukatika umeme ni sababu tosha.

Hapa kwetu kila mhadhiri anaujua umeme wa waya wa baharini. Ule mkasa ulioanza Disemba 2009, Unguja ilipokaa takriban miezi mitatu gizani, haujasahaulika. Lakini umeme ukikatika robo saa, umepoteza robo saa. Barua iseme kukatika huko kuliharibu nini, na umejuaje.

Yeye alijua, ila hakuona kuwa ni jambo la kuandikwa. Umeme uliporudi, taa ya jenereta iliwaka lakini uzi ukatulia kimya. Tukaunganisha jenereta na spika ndogo kwa nyaya zilezile, ikalia. Basi jenereta na nyaya ni nzima. Tukachomoa fyuzi ya kitetemeshi na kuipima, nzima nayo. Tukapima ukinzani wa koili kwa maltimita: kitetemeshi cha meza ya jirani kilionesha omu chache, chake kikaonesha `OL`, maana yake njia imekatika ndani. Dakika kumi za kupima zilimpa sentensi mbili ambazo hakuna mwalimu wa kuzitilia shaka.

Dhana: ukitaja kosa lako umejimaliza.

Nobu ya ukubwa wa mawimbi aliiacha juu ya nusu umeme ulipokatika. Alitaka kulificha hilo, na mficha uchi hazai. Kama ndilo lililokata koili au la, hatukuwa na ushahidi, na barua haimtaki ahukumu. Aandike alichokiona kwa mpangilio wa saa, basi.

Wenzake walimpa shauri baya zaidi: akokotoe frikwensi za sehemu ya pili kwa kanuni, azijaze kwenye jedwali. Namba za namna hiyo hukaa juu ya mstari bila kupepesuka, ilhali zake za kweli zinaruka nusu Hz huku na huku, kama zinavyoruka kwa kila aliyesoma nobu kwa jicho. Na daftari la maabara lina saa kitetemeshi kilipokufa.

Barua aliyoipeleka mwishowe ilikuwa hii:

"Yah: Ombi la kuongezewa muda, sehemu ya pili ya ripoti ya mawimbi kwenye uzi.

Mwalimu, shikamoo. Jumanne tarehe 7, saa 8:20 mchana, umeme ulikatika nikiwa nimemaliza sehemu ya kwanza. Ulirudi saa 8:35, nobu ya ukubwa ikiwa juu ya nusu, na kitetemeshi hakikufanya kazi tena. Jenereta na fyuzi zimepimwa ni nzima, koili imekatika. Fundi wa maabara ameshuhudia na ameandika daftarini.

Sehemu ya kwanza nitaileta Ijumaa tarehe 10 kama ilivyopangwa. Kwa sehemu ya pili nahitaji saa moja ya maabara kwa vipimo vitano. Fundi ameniahidi kitetemeshi chengine Jumanne tarehe 14, hivyo naomba kuileta Ijumaa tarehe 17. Kisipopatikana, naomba ruhusa ya kutumia sonometa na uma wa sauti wa 256 Hz."

Dhana: omba wiki tatu ili upewe moja. Hili halina maneno mengi. Tarehe inayotokana na siku ya kifaa kupatikana hujitetea yenyewe. Wiki tatu zisizo na hesabu humfanya mwalimu aanze kupunguza.

Hiyo sentensi ya sonometa ndiyo niliyoipenda zaidi, na ilikuwa yake mwenyewe, aliikumbuka tangu skuli. Sonometa ni kisanduku chenye waya uliokazwa kwa mawe juu ya madaraja, na haitaki umeme. Unaweka kipande cha karatasi kilichokunjwa juu ya waya, unagusisha uma unaotetemeka kwenye kisanduku, unasogeza daraja mpaka karatasi iruke. Frikwensi imefungwa na uma, kwa hiyo sasa urefu ndio unaobadilika: mraba wa urefu ukichorwa dhidi ya uzito wa jiwe hutoa mstari ulionyooka unaopita kwenye sifuri, na swali la mvutano limejibiwa.

Jibu lilikuja jioni ileile, mistari miwili. Sehemu ya kwanza Ijumaa kama ulivyosema. Ya pili usisubiri kitetemeshi. Sonometa ipo kabati la chini, karatasi uje nayo.