Mchoro wa mantiki katika andiko la mradi wa lishe shuleni

Mchoro wa mantiki ni ukurasa mmoja unaoonyesha jinsi vitu mnavyoviingiza kwenye mradi vitakavyozaa mabadiliko mnayoyaahidi. Kushoto zinakaa rasilimali: fedha, chakula, wapishi, jiko, maji. Zinafuata shughuli, yaani kazi itakayofanywa kwa rasilimali hizo. Baada yake huja mazao, yaani kile kinachohesabika kazi ikishafanyika, kama idadi ya milo iliyogawiwa. Kulia kabisa yapo matokeo, ambayo ni kile kilichobadilika kwa mtoto mwenyewe. Kati ya sanduku na sanduku kuna mshale, na kila mshale ni dai. Unasema: hiki kikiwepo, kile kitatokea.

Niliwahi kuletewa andiko la mradi wa chakula cha mchana shuleni nilipitie kabla halijapelekwa kwa mfadhili. Mchoro wake ulipendeza macho, rangi zimepangwa vizuri, ila mshale mmoja mrefu ulitoka kwenye "kununua nafaka" ukaenda moja kwa moja hadi "kupungua kwa udumavu". Nikamuuliza mwandishi, "Dada, huyu mtoto wa darasa la tatu atarefuka kwa njia gani?" Tulikaa na mshale huo karibu saa nzima. Udumavu kwa sehemu kubwa hujengeka tangu mimba inapotungwa hadi mtoto anapofikisha miaka miwili. Mlo wa shuleni unamkuta mtoto akiwa amekwisha pita kipindi hicho. Mradi ulikuwa mzuri, lakini uliahidi tokeo ambalo haukuwa na njia ya kulifikia, na miaka mitatu baadaye wangepima urefu wa watoto na kuambiwa wameshindwa.

Ndiyo maana nashauri mchoro uanzwe kulia. Andika kwanza badiliko moja mnalolitaka kwa mtoto, kisha rudi nyuma ukiuliza kwenye kila sanduku: ili hili litokee, ni nini lazima kiwe kimetokea kabla yake?

Tuchukue shule ya kufikirika yenye wanafunzi 400 wa umri wa miaka 6 hadi 11, ambao wengi wao wamepimwa na kukutwa na upungufu wa damu. Kwa umri huo, Shirika la Afya Duniani linahesabu kuwa mtoto ana upungufu wa damu himoglobini yake ikiwa chini ya gramu 11.5 kwa desilita. Kulia kabisa tunaandika: "Idadi ya wanafunzi wenye himoglobini iliyo chini ya 11.5 imepungua mwishoni mwa mwaka wa masomo."

Sasa turudi nyuma. Ili himoglobini ipande, mwili lazima upate madini ya chuma ya kutosha na usiwe unapoteza damu. Hapo hapo mchoro unagawanyika matawi mawili, na hilo ni jambo la kawaida, kwani tokeo moja mara nyingi lina mizizi zaidi ya mmoja. Tawi la kwanza linasema mtoto anakula mlo wenye chuma karibu kila siku ya shule. Tawi la pili linasema mtoto hana minyoo ya safura, ambayo hunyonya damu utumboni. Tukirudi nyuma tena kwenye tawi la kwanza, tunakuta kwamba mlo unapaswa kupikwa, kugawiwa na kuliwa, na kwamba unga wa virutubishi wenye chuma unachanganywa kwenye sahani chakula kikiwa kimeshaiva, maana haupaswi kupikwa pamoja nacho. Kwenye tawi la pili tunakuta zoezi la kumeza dawa ya minyoo chini ya usimamizi wa mwalimu au mhudumu wa afya. Mpaka hapa hatujataja bado hata gunia moja la nafaka, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Rasilimali zinakuja mwisho, zikiwa zimeitwa na shughuli.

Zikifika, zipigiwe hesabu. Tuseme kila mtoto atapata gramu 120 za nafaka, gramu 40 za jamii ya kunde na gramu 10 za mafuta, kwa siku 190 za masomo. Kwa siku moja watoto 400 wanahitaji kilo 48 za nafaka, na kwa mwaka kilo 9,120. Kunde ni kilo 3,040 na mafuta kilo 760. Milo ni 400 mara 190, yaani 76,000. Nikipitia andiko, hesabu hii ndiyo ya kwanza ninayoifanya. Sanduku la mazao likisema milo 76,000 huku bajeti ikionyesha tani 6 za nafaka, basi mchoro na bajeti viliandikwa na watu wasiozungumza. Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayofichua vilivyosahaulika: kuni au gesi ya kupikia, maji ya kuoshea sahani 400, na stoo kavu ambamo nafaka hazitaota ukungu.

Mahali watu wanapochanganya zaidi ni kati ya mazao na matokeo. "Milo 76,000 imegawiwa" ni zao, kwa sababu linaeleza kile mlichokifanya ninyi. Hata "walimu wamefunzwa" ni zao. Tokeo linamhusu mtoto: amekula, damu yake imeongezeka. Kipimo rahisi ni kuuliza kama jambo hilo mnaweza kulitimiza bila mtoto kubadilika hata kidogo. Kama jibu ni ndiyo, lipelekeni kwenye mazao. Milo yote inaweza kugawiwa, na himoglobini ikabaki pale pale.

Itabakije? Jibu limo kwenye mishale, katika mambo tunayoyachukulia kuwa ni kweli bila kuyasema. Tunachukulia kwamba mtoto anaongezewa mlo. Lakini nyumbani wakijua amekula shuleni, wanaweza kumpunguzia cha jioni, na hapo mlo wa shule unakuwa badala ya ule wa nyumbani. Tunachukulia kwamba anakula sahani yake yote, kumbe nusu anamfichia mdogo wake. Tunachukulia pia kwamba upungufu wa damu umetokana na ukosefu wa chuma na minyoo, ilhali malaria nayo huuleta. Kila dhana ya aina hii iandikwe chini ya mshale wake, pamoja na namna ya kuichunguza mapema: maswali machache kwa wazazi kuhusu mlo wa jioni mwezi kabla ya kuanza na mwezi wa tatu, au mtu wa kukaa siku moja kwenye mstari wa chakula aone sahani zinarudi zikoje. Kama malaria ni nyingi, ama ongezeni tawi la tatu lenye shughuli zake, ama punguzeni ahadi.

Faida ya kuandika dhana hizo huonekana mambo yanapokwenda kombo. Tuseme mwisho wa mwaka milo imegawiwa, sahani zimerudi tupu, dawa ya minyoo imemezwa, lakini damu haijapanda. Mnajua mshale uliokatika uko kati ya kula na kuongezeka kwa damu, na mnaanza kuangalia malaria, mlo wa nyumbani, au kama unga wa virutubishi uliingia sufuriani badala ya sahanini.

Liko bado sanduku moja ambalo kila mwandishi hulitamani: ufaulu darasani. Liwekwe, lakini mbali kulia, na mshale wake uwe wa nukta nukta. Ufaulu unategemea walimu, vitabu na mengine mengi ambayo mradi wa chakula hauyashiki, kwa hiyo msiliwekee shabaha ya asilimia. Mstari mzito uishie kwenye himoglobini, mahali ambapo mradi wenu una mkono.