Refa akipeta: dhana potofu kuhusu mpira wa mkono na sheria ya faida

Neno letu la kupeta lina raha yake, lakini linatuchanganya. Beki ameunawa mpira, refa hajapuliza, mtangazaji anasema "mwamuzi anapeta", na kibanda umiza kizima kinasimama kulalamika. Hapo kuna mambo mawili tofauti yaliyobebwa na neno moja. Huenda refa ameona hakuna kosa, au ameona kosa lipo ila ameamua kusubiri kwa kuwa timu iliyokosewa inanufaika mchezo ukiendelea, na hiyo ndiyo faida. Watu wengi hawatenganishi hayo mawili, na ugomvi mwingi kuhusu mkono na faida unaanzia hapo.

Dhana: Mpira ukigusa mkono ni faulo, kwa hiyo refa asipopuliza ametoa faida

Faida haiwezi kuwepo bila kosa, na si kila mguso wa mkono ni kosa. Sheria ya 12 inamwadhibu mchezaji aliyeugusa mpira kwa makusudi, kwa mfano kwa kuupelekea mkono, na pia aliyeutanua mwili wake kwa mkono uliokaa mahali ambapo mwendo wake haukuhitaji uwe. Anayefunga goli moja kwa moja kwa mkono, au mara tu baada ya mpira kumgusa mkononi, goli lake linakataliwa hata kama ilikuwa bahati mbaya. Na mkono wenyewe unahesabiwa kuanzia usawa wa chini ya kwapa. Bega halimo.

Sasa beki anateleza, anaweka mkono chini kuzuia asianguke vibaya, mpira unamgonga mkono huohuo wa kujiegemeza. Mara nyingi hapo hakuna kosa, na refa akiacha mchezo uendelee hajampa mtu faida yoyote. Ni mpira tu unaendelea.

Utajuaje amefanya lipi? Tazama mikono yake. Anayetoa faida ananyoosha mkono mmoja au yote miwili mbele, kama anayewasukuma wachezaji waende, na wengi hutamka kwa sauti. Ishara hiyo ina maana "nimeona kosa, ninasubiri". Refa anayetikisa kichwa na kuendelea kukimbia anasema hakuna kosa, na usitegemee arudi nyuma kulipuliza.

Dhana: Refa akishaacha, ameacha, kurudi nyuma ni kubabaika

Sheria ya 5 inamruhusu kabisa kurudi. Inasema kosa liadhibiwe ikiwa faida iliyotarajiwa haikupatikana palepale au ndani ya sekunde chache. Hesabu iliyozoeleka ni kama sekunde mbili tatu, muda wa mchezaji kuumiliki mpira na kupiga hatua kadhaa.

Tuchukue tukio moja polepole. Winga anapitisha pasi ya chini kutoka kulia, mita thelathini kutoka golini. Beki wa kati ametanua mkono, mpira unamgonga kiganjani na kukatika kuelekea kwa mshambuliaji aliyekuwa nyuma yake. Ni faulo. Refa anaangalia mambo machache kwa mpigo mmoja: mpira uko kwa nani, anaelekea wapi, mabeki wangapi bado wako mbele yake, na golini ni mbali kiasi gani. Akiona mshambuliaji amebaki na beki mmoja na kipa, ananyoosha mikono. Mshambuliaji akijikwaa kwenye hatua ya pili na kunyang'anywa, filimbi inalia na faulo inapigwa pale mkono ulipogusa. Akimpita beki, akafika kwenye boksi na kupiga shuti likatoka nje, ni goli kiki. Faida aliipata, akaitumia vibaya, na refa hamdai nafasi ya pili.

Kinachopimwa hapo ni nafasi nzuri kuliko faulo yenyewe. Kubaki na mpira peke yake hakutoshi. Timu iliyofanyiwa kosa katikati ya uwanja ikabaki na mpira huku imebanwa na watu watatu haina faida yoyote, na kwao faulo ni bora mara kumi. Upande wa pili, mshambuliaji akiunawa mpira ndani ya boksi la wapinzani na mpira ukamfikia kipa mikononi, refa mzuri anaacha ili kipa arushe haraka kuanzisha shambulizi. Hiyo ndiyo faida ya mpira wa mkono inayotolewa bila mtu kuisemea, kwa sababu hakuna anayelalamika.

Dhana: Mkono ndani ya boksi ni penalti papo hapo, refa hana cha kusubiri

Hapa nitakaa kidogo, maana niliwahi kulipia imani hii uwanjani. Nilikuwa nachezesha mechi ya mtaani, uwanja wa vumbi, hauna hata nyavu golini. Mpira ulipigwa kichwa kutoka kona, beki aliyesimama mstarini akaunyooshea mkono, ukamgusa ncha za vidole na kupungua kasi, lakini haukusimama. Filimbi ilikuwa tayari mdomoni mwangu. Nilipuliza nilipoona vidole, na mpira ukavuka mstari nusu sekunde baadaye. Goli halikuwa halali tena, kwa sababu filimbi ikishalia mchezo umesimama, na mpira ukiingia baada ya hapo ni kama haujaingia. Ikabidi niweke penalti. Kipa akaipangua. Sura ya nahodha wao aliponijia, bila matusi, akiuliza tu "mwalimu, si ulikuwa unaingia?", sijaisahau. Tangu siku ile filimbi naishika mkononi. Muda wa kuipandisha hadi mdomoni ndio muda ule unaohitajika kuona mpira unaishia wapi.

Kama ningesubiri, goli lingehesabiwa na beki angepata kadi ya njano kwa jaribio la kuzuia goli kwa mkono lililoshindikana. Sheria iko wazi kwa hilo.

Linganisha na tukio ambalo Afrika nzima inalikumbuka, Ghana na Uruguay, robo fainali ya Kombe la Dunia, Johannesburg, 2 Julai 2010. Matokeo 1-1, dakika za mwisho kabisa za muda wa nyongeza. Luis Suárez wa Uruguay akiwa mstarini alizuia kwa mguu shuti la Stephen Appiah, kisha kichwa cha Dominic Adiyiah akakipangua kwa mikono miwili. Refa Mreno, Olegário Benquerença, alitoa penalti na kadi nyekundu. Asamoah Gyan akagonga mtambaa wa panya, na Uruguay wakashinda 4-2 kwa matuta.

Mpaka leo kuna wanaosema refa angetoa faida na kuwapa Ghana goli. Hakuwa na mamlaka hayo. Faida inaacha mchezo uendelee, haiwezi kukamilisha kile ambacho mpira haukufanya. Mpira haukuvuka mstari, kwa hiyo hapakuwa na goli la kutoa, na sheria za kandanda hazina kifungu cha goli la adhabu. Uchungu wa Waghana ni wa haki kabisa, lakini aliyewaumiza ni mkono wa Suárez na kanuni yenyewe. Benquerença aliitekeleza ilivyoandikwa.

Je, kama mpira uliopanguliwa ungemwangukia Mghana mwingine mita mbili kutoka golini? Hapo refa angeweza kusubiri kufumba na kufumbua. Mchezaji huyo angefunga, goli lingekuwa halali na Suárez angeonyeshwa njano badala ya nyekundu, kwa kuwa nafasi aliyoitaka kuiua iliendelea kuishi. Ila ni kamari. Penalti ni nafasi nono, kipa mmoja na mpigaji mmoja, na ndani ya boksi lenye watu kumi na wawili nafasi nono kuliko hiyo ni chache. Ndiyo maana marefa wengi ndani ya boksi hupuliza, isipokuwa mpira uwe unaelekea nyavuni wenyewe au mtu amesimama na goli tupu mbele yake. Wanaoona penalti inatolewa haraka huku nje ya boksi faulo ikiachwa wasidhani refa ana vipimo viwili. Kipimo ni kimoja, kinachobadilika ni thamani ya kile kinachosubiriwa.

Dhana: Ukishatoa faida, kadi imefutika

Kwa kawaida kadi inasubiri. Refa anaiweka kichwani na kuitoa mpira unaposimama tena, hata kama dakika imepita na watu wameshasahau. Kuna jambo moja linalowakanganya wengi: kadi ya njano iliyotokana na kukata shambulizi zuri haitolewi ikiwa faida imetolewa, kwa sababu shambulizi halikukatika. Rudi kwa yule beki wa kati aliyeunawa pasi ya winga. Refa akipuliza, anaweza kumpa njano. Akitoa faida na mshambuliaji akaondoka na mpira, njano ile haina msingi tena. Mashabiki wanaopiga kelele "mbona hakumpa kadi" wanadai kitu ambacho sheria imekiondoa.

Rafu mbaya ya kadi nyekundu ni habari nyingine. Hapo refa hatakiwi kutoa faida kabisa, labda iwepo nafasi ya wazi ya kufunga, maana aliyevunjika mguu anahitaji daktari na wenzake wanatafuta kulipiza. Hali ya mechi nayo inapimwa. Mchezo ukiwa umechemka, faulo ndogo iliyoachwa inaweza kuzaa kubwa.

Mechi inayoonyesha mkono na faida vizuri kuliko nyingine ni Argentina na England, Kombe la Dunia, Mexico, 22 Juni 1986, iliyochezeshwa na Mtunisia Ali Bennaceur. Dakika ya 51 Diego Maradona alifunga kwa ngumi. Bennaceur hakuwa na uhakika, akamtazama mshika kibendera, kibendera hakikupanda, goli likapita. Dunia ilimhukumu kwa hilo. Dakika nne baadaye Maradona aliuchukua mpira upande wake wa uwanja, akawapita Waingereza mmoja baada ya mwingine hadi akamzunguka kipa Peter Shilton na kufunga. Miaka mingi baadaye Bennaceur alieleza kwamba katika mbio zile aliona majaribio ya kumwangusha, na kila mara alikuwa akitamka faida huku akikimbia nyuma yake, tayari kupuliza kama angedondoka. Maradona hakudondoka.