"Nitamwambia akifika": dhana potofu kuhusu kanuni za nyumba na makabidhiano ya funguo

Kila mwenye nyumba anayeniletea apatimenti yake ya Forest, Soweto au Uyole hapa Mbeya ili nimsaidie kuipangisha kwa siku chache kupitia jukwaa la mtandaoni huja na maelezo yaleyale. Tangazo lina picha nzuri na bei, na sehemu ya kanuni ina maneno mawili matatu tu, kwa sababu, kama wanavyosema wote, "mengine mlinzi atamwambia mgeni akimpa ufunguo". Nimelisikia jambo hili mara nyingi kiasi kwamba sasa nalijibu kwa maandishi.

Dhana: Kanuni zinazotajwa wakati wa kukabidhi ufunguo zinamfunga mgeni.

Hazimfungi. Mgeni hukubali kanuni anapoweka nafasi, si anapopokea ufunguo. Kwenye Airbnb, kwa mfano, kabla ya kulipa huonyeshwa idadi ya watu, saa za kuingia na kutoka, masuala ya sigara, wanyama na sherehe, pamoja na chochote ambacho mwenyeji amekiandika mwenyewe katika sehemu iitwayo Additional rules. Hayo ndiyo makubaliano. Kinachoongezwa baadaye, iwe ni kwa mdomo wa mlinzi, kwa karatasi iliyobandikwa nyuma ya mlango wa jikoni au kwa ujumbe wa WhatsApp, ni ombi tu, na mgeni ana haki ya kulikataa kwa upole kabisa. Wenyeji wengi hulichukulia kama ukaidi wa mgeni, ilhali ni wao waliouza kitu kimoja kisha wakataka kukabidhi kingine.

Mwenyeji mmoja ninayemhudumia ana apatimenti ya vyumba viwili huko Forest. Tangazo lake lilisema nyumba inalaza watu 4, na halikusema zaidi ya hapo. Familia ya watu 4 kutoka Dar es Salaam iliweka nafasi kwa ajili ya harusi ya ndugu yao. Jumamosi asubuhi, walipokuwa wanapewa funguo, mlinzi aliwaambia kwamba hawaruhusiwi kupokea wageni zaidi ya wawili. Jumapili mchana ndugu wa pande zote mbili wapatao kumi na watano walikuja kula chakula pale, wakakaa sebuleni na kwenye baraza, na kufikia magharibi wengi walikuwa wameshaondoka. Hakuna kilichovunjika na jirani hakulalamika. Mwenyeji aliyekuwa kazini Tunduma alipigiwa simu na mlinzi, akakasirika, na akaagiza watu watolewe. Mgeni alilalamika kwa jukwaa akiambatisha picha ya tangazo. Mwenyeji alipoulizwa kanuni hiyo iko wapi, hakuwa na cha kuonyesha.

Alijitetea kwamba sherehe zimepigwa marufuku na jukwaa lenyewe. Ni kweli kwamba Airbnb ilizuia sherehe duniani kote mwaka 2020 na kuifanya marufuku hiyo kuwa ya kudumu mwaka 2022, lakini kinachokatazwa ni mikusanyiko ya fujo na sherehe za wazi zinazosumbua majirani. Mlo wa mchana wa ndugu waliokaa kwa utulivu hauingii hapo. Ikiwa hutaki hata huo, na ni haki yako kutoutaka, uandike kwenye tangazo, tena kwa namna isiyoacha tafsiri mbili. Kosa la kawaida ni kuchanganya watu wanaolala na watu wanaotembelea. "Watu 4 tu" husomwa na mgeni kama idadi ya vitanda, na hayuko mbali na ukweli. Maneno niliyomwandikia mwenyeji huyo yalikuwa haya:

> Nyumba hii inalaza watu 4, na majina yao yawe kwenye nafasi iliyowekwa. Wageni wa kutembelea wasizidi 4 kwa wakati mmoja, na waondoke kabla ya saa 4 usiku, yaani 22:00. Vikao vya harusi, shughuli za kifamilia na mapishi ya watu wengi havifanyiki hapa. Ukihitaji kupokea watu zaidi, tuulize kabla ya kuweka nafasi.

Tazama kwamba kila sentensi ina kitu kinachoweza kuhesabika au kuonekana. Maneno kama "heshimu nyumba", "usilete watu ovyo" na "tumia kama yako" hayapimiki, kwa hiyo hayawezi kuvunjwa, na kanuni isiyoweza kuvunjwa haiwezi kutetewa. Nimeandika pia saa kwa namna mbili kwa makusudi: jukwaa huonyesha 14:00 pale mwenyeji anapofikiria saa 8 mchana, na mgeni anayeandikiwa "saa 8" bila neno la mchana anaweza kusimama getini asubuhi kabla msafishaji hajafika. Sentensi fupi zina faida nyingine, kwani mgeni wa kigeni atazisoma kwa tafsiri ya mashine, nayo sentensi yenye mafumbo hutoka ikiwa imepinda.

Kanuni yenye sababu na njia mbadala hufuatwa zaidi kuliko katazo tupu, na kwa Nyanda za Juu Kusini mfano ulio wazi ni jiko la mkaa. Mwezi wa Juni na Julai baridi ya Mbeya huwashangaza watu wa pwani, na si ajabu mgeni akaomba mkaa kwa mlinzi ili aote moto chumbani. "Jiko la mkaa haliruhusiwi" humfanya afikiri unaogopea vigae. Andika kwamba mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na harufu inayoweza kumuua mtu akiwa usingizini, na kwamba mablanketi ya ziada yako kwenye kabati la chumba kikubwa. Kisha hakikisha yapo. Hii ni kanuni ambayo nitairudia kwenye tangazo, kwenye ujumbe wa kuwasili na ukutani jikoni, kwa sababu lengo lake si ushahidi bali uhai wa mtu.

Ukishaziweka kanuni mahali pake, ujumbe wa ufunguo unabaki na kazi moja, nayo ni kumfikisha mtu ndani ya mlango bila kumpigia mtu simu. Wenyeji hunijibu kwamba simu zipo. Zipo, lakini basi la kutoka Dar es Salaam huweza kufika usiku, betri ya mgeni imekwisha, na anayetua Songwe kutoka nje ya nchi huenda hana laini ya hapa. Mimi hutuma ujumbe huu siku moja kabla, ndani ya jukwaa, na kumwomba mgeni apige picha ya skrini ili aweze kuusoma hata bila mtandao:

> Karibu. Nyumba iko ghorofa ya kwanza, mlango wa kushoto ukipanda ngazi. Geti ni la kijani na lina taa juu. Mlinzi yupo saa zote na ana bahasha yenye jina lako. Ndani ya bahasha mna funguo 3: mkubwa ni wa mlango wa grili, wa kati ni wa mlango mkuu, na mdogo ni wa kufuli la geti dogo. Fungua grili kwanza. Ufunguo wa mlango mkuu huzungushwa mara mbili. Ukiwa ndani, usiuache ufunguo kwenye kitasa. Siku ya kuondoka, kabla ya saa 4 asubuhi, yaani 10:00, rudisha funguo zote 3 ndani ya bahasha, umkabidhi mlinzi, kisha utuandikie hapa kwamba umeondoka.

Sentensi ya kitasa huonekana ndogo mpaka siku mgeni mmoja anapolala fofofo huku mwenzake akiwa nje na ufunguo wa akiba usioingia, kwa kuwa tundu limezibwa na ule ulioachwa upande wa ndani. Idadi ya funguo nayo haipo kwa urembo. Kabla ya kufunga bahasha, mlinzi huzipanga funguo mezani na kunitumia picha, nami naituma kwa mgeni katika mazungumzo yaleyale. Ufunguo wa grili ukikosekana baadaye, hakuna ubishi kuhusu kilichokabidhiwa.

Zipo dhana nyingine ambazo hazihitaji maneno mengi.

Dhana: Faini kubwa kwenye kanuni hulinda nyumba. Kuandika "sigara faini laki mbili" huwafukuza wageni wazuri na hakukulipi chochote. Kwenye Airbnb unachoweza kudai ni hasara halisi, kwa picha na risiti, ndani ya siku 14 tangu mgeni aondoke. Mgeni hupewa saa 24 za kujibu kabla hujaliomba jukwaa liingilie. Kwa hiyo piga picha za vyumba kabla ya kila mgeni na utunze risiti ya fundi. Usimdai mgeni fedha taslimu getini, kwa kuwa malipo ya pembeni yanakiuka masharti ya jukwaa na yanaweza kukugharimu tangazo zima.

Dhana: Kisanduku cha namba kimemaliza tatizo la ufunguo. Kinalimaliza kama unabadilisha namba baada ya kila mgeni. Nakuta visanduku vyenye namba ileile tangu siku vilipofungwa, na mara nyingine namba hiyo imeandikwa kwenye maelezo ya tangazo ambayo kila mtu anayasoma. Namba iende kwa ujumbe wa siku moja kabla tu.

Dhana: Kamera ya sebuleni inaruhusiwa mradi mgeni ameambiwa. Kwenye Airbnb, tangu tarehe 30 Aprili 2024, kamera ndani ya nyumba haziruhusiwi kabisa, hata zikiwa zimezimwa na hata zikiwa zimetajwa. Ya getini inaruhusiwa, ilimradi tangazo liseme ipo na iko wapi, na isielekezwe ndani.

Dhana: Kila mgeni anajua kwamba LUKU ni juu yake. Mpangaji wa mwezi anajua. Mgeni wa siku tatu anaamini ameshalipa kila kitu. Ikiwa unataka anunue umeme, tamka kwenye tangazo ni uniti ngapi atazikuta na namba ya mita iko wapi. Mimi huwashauri wenyeji waujumuishe kwenye bei ya usiku na kuacha uniti za kutosha, maana hita ya bafuni hula umeme, na mgeni anayebaki gizani saa 5 usiku huku akisubiri tarakimu 20 za tokeni hatakumbuka kitu kingine atakapoandika maoni yake.