Bollinger na Keltner: kwa nini bei huvunja bendi moja na kuiacha nyingine

Weka bendi za Bollinger na chaneli ya Keltner kwenye chati moja, na kwa mara ya kwanza utadhani ni kitu kimoja chenye rangi mbili. Zote zina mstari wa kati, mmoja juu na mmoja chini, na treda wengi huzisoma kwa namna moja: bei ikifunga juu ya mstari wa juu, imechomoka, nunua. Tatizo ni kwamba siku ambayo moja inatoa ishara hiyo, nyingine mara nyingi iko kimya. Sababu iko kwenye jinsi upana wa kila moja unavyokokotolewa.

Bendi za Bollinger, alizozibuni John Bollinger miaka ya 1980, huchukua wastani wa bei 20 za kufunga, kisha huongeza na kupunguza mara mbili ya mkengeuko sanifu wa bei hizohizo. Mkengeuko sanifu ni kipimo cha jinsi bei za kufunga zilivyotawanyika mbali na wastani wao. Hautazami bei ilipanda hadi wapi mchana wala ilishuka hadi wapi. Unatazama ilipofungia tu.

Chaneli ya Keltner ni ya zamani zaidi. Chester Keltner aliieleza mwaka 1960, akitumia wastani wa siku 10 na masafa kati ya bei ya juu na ya chini ya kila siku. Toleo ambalo programu nyingi za chati hutumia leo limebadilika: mstari wa kati ni wastani wa siku 20 unaozipa uzito zaidi bei za karibuni, na upana ni mara mbili ya ATR, yaani wastani wa masafa ya kweli, kipimo alichokitoa Welles Wilder mwaka 1978. ATR hujumlisha umbali ambao bei ilizunguka kila siku, pamoja na pengo kutoka bei ya jana ya kufunga kama lipo, bila kujali ilielekea wapi.

Kwa hiyo Bollinger anauliza bei zilifungia mbali kiasi gani na wastani wao. Keltner anauliza kila siku bei ilitembea kiasi gani. Mtu anaweza kutembea kilomita 10 kwa siku na jioni awe kwake palepale.

Tuchukue bidhaa ya kubuni ambayo imekuwa ikipanda shilingi moja kila siku kwa muda mrefu, na katika siku 20 za mwisho imefunga kuanzia 101 hadi 120. Kila siku masafa kati ya juu na chini ni shilingi 2. Wastani wa bei hizo ni 110.5, na mkengeuko sanifu ni takriban 5.8. Mstari wa juu wa Bollinger unakaa karibu 122. Bei iko 120, ndani kabisa, hakuna ishara. Kwenye Keltner mstari wa kati nao uko 110.5, kwa kuwa katika mwendo ulionyooka wastani wake hubaki nyuma kwa siku 9 na nusu vilevile. Lakini ATR ni 2, basi mstari wa juu uko 114.5, na bei inaelea shilingi tano na nusu juu yake.

Hapo ndipo watu wengi huchanganyikiwa, kwa sababu trendi safi kama hiyo ndiyo wanayoitafuta, na bado Bollinger hasemi kitu. Hawezi kusema. Bei inayopanda kwa hatua sawa hutawanya bei zake za kufunga yenyewe, na bendi hupanuka kwa kiwango kilekile. Hata ukipanda shilingi 10 kwa siku badala ya moja, bei ya mwisho itakuwa mikengeuko 1.65 juu ya wastani, haifiki 2. Ili kuvunja bendi, mwendo lazima uongeze kasi. Keltner haihitaji kasi mpya. Inatosha bei isonge mbele kila siku kwa zaidi kidogo ya sehemu ya tano ya masafa yake ya siku, na iendelee hivyo.

Sasa geuza hali. Bei inafunga 99.5 leo na 100.5 kesho, inapishana hivyo kwa siku 20, lakini kila siku inazunguka shilingi 4. Mkengeuko sanifu ni 0.5 tu, na bendi za Bollinger ziko 99 na 101. ATR ni 4, na Keltner iko 92 na 108. Siku ya 21 bei inafunga 102. Bendi ya juu ya Bollinger inapanda hadi takriban 101.4, na bei iko juu yake: ishara imetoka. Lakini kutoka 100.5 hadi 102 ni shilingi moja na nusu, chini ya nusu ya masafa ya siku ya kawaida katika soko hilo. Kwa Keltner hakuna kilichotokea.

Huenda huo ni mwanzo wa safari ndefu, na Bollinger ameuona mapema. Huenda ni kelele tu. Kwa maoni yangu, anayenunua hapo ni lazima ajue kwamba hajathibitishiwa nguvu yoyote. Ameambiwa tu kwamba bei za kufunga zimeacha kurundikana mahali pamoja. Na tazama mstari wa chini siku hiyohiyo: unashuka hadi 98.8 wakati bei inapanda, maana utawanyiko huongeza upana pande zote mbili.

Wapo wanaojaribu kulainisha tofauti hii kwa kubadili kizidishi cha Keltner hadi mistari ilingane. Haiwezekani. Katika mfano wa kwanza ungehitaji ATR mara 5.8, na katika wa pili robo ya ATR. Badala ya kuilainisha, treda John Carter aliitumia tofauti yenyewe: Bollinger ya mikengeuko 2 ikiingia yote ndani ya Keltner ya ATR 1.5, soko limebanwa, yaani linazunguka bila kufika popote. Mbano hauelezi upande ambao bei itatokea.

Mbano huo una mtego mmoja. Tuseme siku moja ya habari bei iliruka sana, kesho yake ikarudi ilikotoka. Bollinger hubeba bei ile ya kufunga kwa uzito uleule hadi iondoke kwenye dirisha la siku 20, kisha siku ya 21 bendi zinasinyaa ghafla bila sokoni kutokea lolote. ATR ya Wilder ya siku 10 husahau taratibu, ikipunguza athari hiyo kwa sehemu ya kumi kila siku. Ukiona bendi zimejibana ndani ya siku moja, hesabu mishumaa 20 ya chati, mmoja kwa kila siku, kurudi nyuma. Ukikuta hapo mshumaa mmoja mrefu kuliko wenzake, kilichobadilika ni dirisha la hesabu, na mbano huo usubiri kabla ya kuufanyia biashara.