Nanga ya fonti ni nini?

Nanga ni nukta isiyoonekana ambayo mchoraji wa fonti huiweka kwenye umbo la herufi ili kompyuta ijue irabu itue wapi. Huenda mbilimbili: moja huwekwa kwenye herufi, ya pili kwenye alama ya irabu. Maandishi yanapopangwa, kompyuta huzikutanisha, na irabu ikakaa palipokusudiwa. Kiswahili cha herufi za Kilatini hakina haja nayo, kwani a mpaka z pamoja na kikato cha ng' vinatosha. Anayeihitaji ni yule anayechora fonti ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, khati ambayo Unguja na Pemba iliandikiwa barua, tenzi na hati kwa muda mrefu, na ambayo wenye madrasa, wachapaji na wachora vibao bado huagizwa.

Fonti nyingi za Kiarabu zimepimwa kwa Kiarabu tu. Kiswahili kinadai herufi zaidi, kama پ ya p, چ ya ch na ڤ ya v. Kinadai pia irabu mbili ambazo Kiarabu cha kawaida hakiziandiki. Zamani waandishi wengi walitumia kasra kwa i na e, na dhamma kwa u na o, na msomaji akajua mwenyewe. Wanaotaka kuzitenganisha leo wanaweza kutumia alifu ndogo ya chini kwa e, yaani U+0656, na dhamma iliyopinduliwa kwa o, yaani U+0657. Kwa hivyo mteja akiuliza kama fonti inakubali Kiswahili, kuwepo kwa herufi ni nusu tu ya jibu. Nusu ya pili ni nanga.

Tuchukue silabi «pe», yaani پ na alifu ndogo chini yake. Tuseme fonti imechorwa kwa kipimo cha vizio 1000. Nukta moja ya ب inaishia vizio 180 chini ya mstari, na nanga yake imewekwa kwenye -230, kwa hivyo irabu ina nafasi ya kupumua. Mchoraji akaunda پ kwa kunakili ب na kuongeza nukta mbili. Nukta tatu zilizopangwa pembetatu zinashuka mpaka -330, lakini nanga iliyokuja na nakala imebaki -230. Alifu ndogo inatua katikati ya nukta, na kwa ukubwa wa kitabu msomaji anaona doa jeusi. Dawa ni kuishusha nanga ya پ mpaka kama -380. Katika lugha ya OpenType ni mistari hii:

```
markClass uni0656 <anchor 120 -100> @CHINI;

feature mark {
  pos base uni067E <anchor 430 -380> mark @CHINI;
} mark;
```

Hapo ni umbo moja tu. Herufi ya Kiarabu inayounga pande zote ina maumbo manne: ya peke yake, ya mwanzo, ya kati na ya mwisho, na kila umbo linataka nanga yake. Kwa چ urefu wenyewe hutofautiana. Ikiwa peke yake au mwishoni, nukta zimo ndani ya tumbo la herufi, na irabu hukaa chini ya tumbo. Ikiwa mwanzoni au katikati hakuna tumbo, nukta zinaning'inia, na irabu hukaa chini ya nukta. Ukinakili namba moja kwenye maumbo yote manne, utapata mawili sawa na mawili yenye kasoro. Kwa ڤ tatizo hugeukia juu: nukta tatu tayari zipo kichwani, na dhamma iliyopinduliwa ya «vo» lazima ipande juu yake.

Ukishazishusha nanga, angalia mipaka ya mstari. Alifu ndogo yenye urefu wa vizio 160 ikianzia -380 inaishia -540. Kama thamani ya `usWinDescent` katika fonti, yaani kikomo cha chini kwa Windows, ni 400, baadhi ya programu za Windows zitaikata irabu kwenye skrini, na mteja atasema irabu zinapotea. Iweke 560 au zaidi. Mistari itakaa mbalimbali kidogo, na hilo ndilo gharama ya kuandika irabu zote.

Kupima hakuhitaji macho peke yake. Programu ya HarfBuzz inaonyesha namba zenyewe:

```
hb-shape fonti.ttf --unicodes=067E,0656
hb-shape fonti.ttf --unicodes=0628,0656
```

Mstari wa kwanza ni پ, wa pili ni ب. Baada ya alama ya `@` kuna namba mbili, na ya pili ndiyo inayoonyesha irabu imesogezwa kiasi gani juu au chini. Kwa mfano wetu پ itatoa -280 na ب itatoa -130, kwa sababu nanga ya irabu yenyewe iko -100. Zikilingana, nanga imenakiliwa bila kushushwa. Ukiona `.notdef`, herufi haimo kabisa. Lakini kama namba ni sahihi na mteja bado anaona herufi zimekatikakatika, kosa huenda liko kwenye programu yake. Katika InDesign, kwa mfano, lazima achague Adobe World-Ready Paragraph Composer.

Upande wa kuuza, swali la kwanza ni fonti imetoka wapi. Scheherazade New ya SIL na Noto Naskh Arabic zinatolewa kwa leseni huria ya OFL. Unaruhusiwa kuzifungua, kushusha nanga na kuongeza herufi. Huruhusiwi kuiuza fonti hiyo ikiwa peke yake, na toleo lako lazima libaki chini ya OFL. Jina la asili likiwa limehifadhiwa ndani ya `OFL.txt`, toleo lako litafute jina jingine. Kibao au kitabu kilichoandikwa kwa fonti hiyo hakifungwi na leseni, kwa hivyo mchora vibao wa Chake Chake anatoza kazi yake kama kawaida. Nawe unaweza kulipwa kwa ule ufundi wa kurekebisha nanga, ilimradi mteja aelewe kwamba hanunui umiliki. Fonti ya kununua ni jambo jingine: leseni nyingi za biashara zinakataza kuibadilisha, hata kwa kuongeza پ moja.

Ukichora mwenyewe tangu mwanzo, masharti ni yako. Taja ni kompyuta ngapi, kama tovuti imo au inalipiwa mbali, na kama mteja anaruhusiwa kuongeza herufi. Orodhesha pia namba za Unicode ulizozipima pamoja na irabu zake, maana neno «Kiswahili» tupu kwenye leseni halimwambii mnunuzi kama «pe» inasomeka.

Kuna sharti moja ambalo hukaa ndani ya faili lenyewe, nalo ni `fsType`. Thamani 2 inakataza fonti kupachikwa kwenye PDF, na programu nyingi hutii. Mteja wa Unguja akipeleka PDF ya namna hiyo kwa mchapaji wa Dar es Salaam, mashine itaweka fonti nyingine badala yake, na nanga zote ulizozishusha hazitakuwa na kazi. Thamani 4 inaruhusu kupachika kwa kutazama na kuchapa, na kwa kitabu cha madrasa hiyo inatosha. Thamani 8 inaongeza ruhusa ya kuhariri hati. Hakikisha namba iliyomo kwenye faili inalingana na ulichoandika kwenye karatasi ya leseni, kwa sababu mchapaji hatasoma karatasi.