Mfanyakazi wa msimu shambani: misimu yake inajumlishwa kwa sevaransi ama kila msimu unaanza sifuri?

Hili swali huulizwa sana huku Nakuru, hasa Naivasha kwa maua na upande wa Rongai kwa mahindi, na ukienda Kericho kwa majani chai ama Muhoroni kwa miwa ni lilelile. Mtu ameitwa kazi kila mwaka, msimu ukiisha anarudi nyumbani, mwaka ujao anaitwa tena, halafu siku moja shamba linafunga ama linapunguza watu. Yeye anahesabu miaka tangu alipoanza, maneja anahesabu msimu huu peke yake, na hapo ndipo kelele inaanza.

Sevaransi tunayozungumzia hapa ni ile ya Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40. Mwajiri akikupunguza kazi kwa sababu kazi yenyewe imeisha, si kwa sababu umekosea, anakulipa siku zisizopungua 15 za mshahara kwa kila mwaka mzima uliotumikia. Wengi wanashika hizo siku 15 na kusahau hayo maneno ya mwisho, na kumbe shida yote ya mtu wa msimu iko hapo kwa "mwaka mzima". Msimu wa miezi 7 peke yake haujafika mwaka, kwa hivyo ukihesabiwa peke yake unazaa sifuri.

Usiichanganye na servisi pei, yaani malipo ya utumishi ya kifungu cha 35, ambayo mtu aliye ndani ya NSSF kawaida hapati. Watu wengi wanaenda kudai servisi pei wanajibiwa una NSSF, wanarudi nyumbani wakidhani hata sevaransi imekufa, na si kweli, kuchangia NSSF hakufuti sevaransi.

Sasa chukua mama mmoja wa Naivasha, mfano tu. Anachukuliwa kila Novemba kwa sababu ya maua ya Valentaini, anaendelea mpaka ile siku ya akina mama ya Ulaya ipite, anaachiliwa mwisho wa Mei. Juni mpaka Oktoba yuko kwao Busia kwa shamba lake. Amefanya hivyo misimu 6. Mshahara ni shilingi 13,000 kwa mwezi, tugawe kwa siku 26 za kazi, inatoka 500 kwa siku, kwa hivyo siku 15 ni 7,500. (Kuna mashamba yanagawa kwa 30, hapo inashuka kidogo, na hilo ni vita lingine, tuliwache.) Msimu wa 6, Machi, katikati ya kazi, shamba linatangaza kwamba linafunga grinihausi za upande wake.

Kuna hesabu 3 zinaweza kutoka hapo. Maneja atasema kila msimu ni mkataba wake na uliisha, huu wa sasa una miezi 5, hakuna mwaka mzima, sevaransi sifuri, chukua mshahara wa notisi na siku za likizo zilizobaki uende. Mtu wa chama cha wafanyakazi anaweza sema jumlisha miezi aliyofanya kazi kweli, yaani misimu 5 ya miezi 7 ni 35, ongeza hii 5 inakuwa 40, hiyo ni miaka 3 na miezi 4, ile 4 inaanguka kwa sababu si mwaka mzima, miaka 3 mara 7,500 ni shilingi 22,500. Na wakili wake anaweza kwenda mbali zaidi aseme huyu hakuwahi kuachishwa, alikuwa anapumzishwa tu, kwa hivyo hesabu kutoka Novemba ya kwanza mpaka Machi hii, miaka 5 na miezi 5, miaka mizima 5, shilingi 37,500. Mtu mmoja, kazi moja, majibu matatu, na hakuna hata mmoja kati yao ambaye amekosea kupiga hesabu.

Sasa nani ako na haki? Ukweli ni kwamba sheria yetu haina kifungu kinachosema wazi misimu ya mwajiri mmoja ijumlishwe. Afrika Kusini wao waliandika kabisa, sheria yao ya masharti ya msingi ya ajira, kifungu cha 84, inasema kazi ya awali kwa mwajiri huyohuyo lazima ihesabiwe kama pengo katikati ni chini ya mwaka mmoja. Huyu mama wetu na pengo lake la miezi 5 angekuwa huko, misimu yake ingeingia kwa hesabu bila mabishano mengi. Hapa Kenya lazima uthibitishe kwamba kazi ilikuwa moja inayoendelea, ama uonyeshe kwamba CBA, yaani mkataba wa pamoja wa chama chenu na mwajiri, imeweka namna ya kuhesabu watu wa msimu.

Kuna watu watakuambia kifungu cha 37 kinamaliza hii kesi. Hiki kinasema kibarua akifanya kazi siku mfululizo zikijumlika mwezi mmoja, ama akipewa kazi ambayo kwa kawaida haiwezi kuisha kabla ya miezi 3, anageuka kuwa mtu wa mwezi. Ni kifungu kizuri sana lakini kinajibu swali lingine. Kinakutoa kwa ukibarua, kwa sheria kibarua ni mtu analipwa kila siku jioni na hachukuliwi zaidi ya saa 24 kwa mara moja, na huyu mama wetu hajawahi kuwa hivyo, ana barua ya miezi 7 na analipwa kila mwezi. Hiyo kujumlisha siku ni ya kukugeuza hali yako ya kazi, haisemi msimu wa 2021 uunganishwe na wa 2022 kupata miaka ya sevaransi. Mahakama ya Rufaa mwaka 2017, kwa kesi ya kampuni ya chumvi ya Krystalline ya huko Pwani, ilizitenganisha aina 4 za mikataba: ya muda usiotajwa, ya muda uliotajwa, ya kazi maalum ama kulipwa kwa kipimo, na ya kibarua. Kwa hivyo kitu cha kwanza kujua ni uko kwa sanduku gani, na watu wengi wa msimu wako kwa lile la pili, muda uliotajwa.

Na hilo sanduku la pili lina ubaya wake. Mkataba wa muda ukifika tarehe yake unaisha wenyewe. Si kupunguzwa kazi, si kufutwa, umeisha tu. Ndiyo maana mwisho wa Mei ukienda kuuliza sevaransi unaambiwa "mama, wewe hujafutwa, msimu wako umeisha", na kwa kawaida kisheria hapo wamesimama vizuri, hata kama inauma. Sevaransi inaingia pale mwajiri anapokata kazi kabla ya tarehe, kama hapa Machi, ama pale unaweza kuonyesha kwamba hizo tarehe za Mei zilikuwa za karatasi tu.

Ya karatasi tu inaonekanaje? Mimi kitu cha kwanza ningeangalia ni ile barua ya mwisho wa msimu. Soma mstari unaosema unaondoka vipi. Kama imeandikwa mkataba umeisha na umelipwa haki zako zote, na uko na fomu umesaini kwamba huna deni na kampuni, hiyo inakata mnyororo, na ukiwa nazo 5 za misimu 5 kesi ya kuunganisha inakuwa nzito. Lakini kuna mashamba yanaandika "unapumzishwa mpaka utakapoitwa", ama yanaandika likizo isiyo na malipo, na mtu aliye kwa likizo bado ni mfanyakazi, hata kama halipwi. Maneno mawili tu kwa barua yanaweza kuwa tofauti ya sifuri na 37,500.

Kitu cha pili ni pengo lenyewe. Maua yakipungua soko kweli na grinihausi zikawa na watu wachache miezi 5, hilo ni pengo la kweli, kila mtu analiona. Lakini kama unaachiliwa Ijumaa unarudishwa baada ya wiki 2 kufanya kazi ileile kwa laini ileile, na wenzako wa pemanenti hawakusimama hata siku moja, hapo hakuna msimu, kuna mtu anakwepa sheria, na korti ikiona hivyo inaweza kuangalia kazi ilivyokuwa badala ya karatasi. Namba ya kazi pia inasema. Kama ulipewa namba msimu wa kwanza na ukairudia hiyohiyo misimu yote, bila kuomba kazi upya, bila kupimwa upya, supavaiza anapiga simu tu "kuja Jumatatu", hiyo inasaidia kusema hukuwahi kutoka kwa rejista. Ikiwa kila Novemba unapanga laini getini na wageni na kuna mwaka walikuacha nje, hiyo inavunja.

Ushahidi mwingi uko kwa simu yako. Steitimenti ya NSSF inaonyesha mwezi kwa mwezi nani alikuchangia, na za M-Pesa ama benki zinaonyesha mshahara uliingia lini. Zina makali pande zote mbili lakini, maana zitaonyesha Juni mpaka Oktoba hakuna kitu, kwa hivyo usizipeleke ukidhani zenyewe zinathibitisha miaka 5 mfululizo, zinathibitisha misimu tu. Kama hukupewa mkataba wa maandishi usife moyo, sheria inamtaka mwajiri ndiye aandike mkataba wa kazi inayofika miezi 3 ama zaidi, na mkifika kortini akashindwa kuutoa, mzigo wa kukanusha yale unayosema kuhusu masharti unamwangukia yeye.

CBA nayo isomwe kabla ya kwenda mbali. Kwa mashamba ya maua na chai chama ni KPAWU, ofisi yao kubwa iko hapa Nakuru, kwa miwa ni KUSPAW ya upande wa Kisumu. Uliza kifungu cha wafanyakazi wa msimu na kile cha kupunguzwa kazi, usome vyote viwili, kwa sababu siku 15 za sheria ni kiwango cha chini na mkataba wa chama unaweza kutoa zaidi, na pia ndipo mahali pa pekee unaweza kukuta ile hesabu ya katikati, ya 22,500, imeandikwa wazi. Bila CBA hiyo hesabu ya kuunganisha miezi haina mguu imara sana, korti mara nyingi itabaki na swali la kama kazi ilikatika ama haikukatika.

Mwisho ni muda. Madai ya kazi yana miaka 3 tangu haki ilipozaliwa. Ikikubalika kwamba kazi yako ilikuwa moja, miaka inaanza kuhesabiwa pale Machi ulipopunguzwa, na misimu ya zamani inaingia nayo. Ikionekana kila msimu ulikuwa mkataba wake, basi kama kuna likizo ama ovataimu hukulipwa msimu wa kwanza, hiyo imeshapita na huwezi kuirudisha kwa mlango wa nyuma ukiiita sevaransi.