Ushuru wa forodha kwenye taarifa ya wakala: dhana potofu na ukweli wake

Nimekuwa nikishika hesabu za maduka kadhaa hapa Moshi, na karatasi inayoleta maswali mengi kuliko nyingine ni taarifa ya wakala wa forodha. Mizigo yetu mingi hushukia Dar es Salaam, wakala huiondosha huko, na mwenye duka hupokea karatasi yenye jumla kubwa chini yake. Hulipa kwanza, kisha ndipo huuliza. Nitaeleza dhana ninazokutana nazo kwa kufuata mzigo mmoja wa birika za umeme ulioagizwa na mama mmoja mwenye duka karibu na soko la Mbuyuni.

Dhana: ushuru hukokotolewa kwenye bei ya ankara peke yake.

Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inataka mzigo unaokuja kwa meli uthaminiwe kwa kujumlisha bei iliyolipwa, nauli ya meli na bima hadi bandari ya kuingilia. Jumla hiyo ndiyo thamani ya forodha, nayo huitwa CIF kwenye karatasi. Gharama ya lori kutoka Dar es Salaam hadi Moshi haimo, wala haimo ada ya wakala mwenyewe. Anayeanza hesabu kwa bei ya ankara tupu atapata ushuru mdogo kuliko halali na kumlaumu wakala bure.

Dhana: basi kila mara ongeza nauli na bima juu ya ankara.

Hapa ndipo pa kukaa kwa muda, kwa kuwa kosa hili ni la gharama na linafanywa hata na watu wa kazi hiyo. Kabla ya kuongeza chochote, soma herufi tatu zilizoandikwa karibu na jumla ya ankara. Zikiwa FOB, bei inaishia mzigo unapopakiwa melini, hivyo nauli na bima bado hazijahesabiwa. Zikiwa CFR, nauli imo tayari na inayokosekana ni bima tu. Zikiwa CIF, vyote vimo. Hati ya shehena inaweza kuonyesha nauli kwa kiasi chake hata pale ambapo muuzaji ameshaijumuisha kwenye bei, na mtu anayejaza fomu kwa haraka huichukua namba hiyo na kuiongeza mara ya pili.

Ankara ya birika ilisomeka dola 9,200, CFR Dar es Salaam. Hati ya shehena ilionyesha nauli ya dola 1,200, na bima iliyokatwa ilikuwa dola 80. Kiwango cha kubadilishia fedha kwenye tamko, yaani fomu ambayo wakala huijaza na kuiwasilisha forodha, kilikuwa shilingi 2,600 kwa dola, na kiwango cha ushuru 25%. Thamani ya forodha ilipaswa kuwa 9,200 na 80, yaani dola 9,280, ambazo ni shilingi 24,128,000. Robo yake ni ushuru wa shilingi 6,032,000. Taarifa ya wakala iliandika 6,812,000.

Dhana: tofauti ikionekana, wakala ameiba.

Mama yule alikuwa amekwisha kukata shauri. "Huyu kanila laki saba na themanini," aliniambia, na kwa kutazama tofauti tupu hakuwa na sababu ya kufikiri vinginevyo. Lakini tofauti ya shilingi 780,000 haisemi imetoka wapi mpaka uirudishe nyuma. Gawanya ushuru wa kwenye taarifa kwa kiwango cha ushuru: 6,812,000 kwa 0.25 ni 27,248,000. Hiyo ndiyo thamani ambayo mwandishi wa taarifa aliitumia, awe alijua au la. Igawanye tena kwa 2,600, utapata dola 10,480. Toa 9,280, na zinabaki dola 1,200 kamili, kiasi kile kile cha nauli kwenye hati ya shehena. Nauli ilikuwa imehesabiwa mara mbili.

Naipenda njia hii ya kurudi nyuma kwa sababu kila kosa huacha alama yake. Kama wakala angetumia kiwango cha benki cha 2,640 badala ya kile cha tamko, ushuru ungekuwa 6,124,800. Ukiugawanya kwa 0.25 na kisha kwa dola 9,280, jibu linakuja 2,640 bila chenji, na unajua tatizo ni kiwango cha kubadilishia fedha. Jibu lisipolingana na karatasi yoyote uliyonayo, angalia kama maofisa wa forodha walipandisha thamani kwa kutoridhika na bei ya ankara. Hilo huonekana kwenye tamko lenyewe, na ni uamuzi wa forodha, si wa wakala. Anayeupinga anayo siku 30 za kuomba kwa maandishi uangaliwe upya. Angalia pia kama msimbo wa bidhaa ni ule uliotarajia, maana ukibadilika, kiwango cha ushuru nacho kinaweza kubadilika.

Dhana: sikukata bima, basi bima ni sifuri.

Forodha inaweza kuweka kiasi cha makadirio pale ambapo hakuna hati ya bima, hivyo usishangae kuiona kwenye tamko. Tumia namba iliyoandikwa humo unaporudia hesabu, usikisie.

Dhana: tofauti kwenye ushuru huishia kwenye mstari wa ushuru.

Kodi ya Ongezeko la Thamani ya 18% hutozwa juu ya thamani ya forodha ikijumlishwa na ushuru, kwa hiyo kosa hupanda nayo, na hupanda mara mbili. Kwa mama yule thamani ilizidi kwa shilingi 3,120,000 na ushuru kwa 780,000, jumla 3,900,000, na 18% yake ni shilingi 702,000. Kwa hiyo aliyedhani amepoteza laki saba na themanini alikuwa amelipa zaidi kwa 1,482,000, kabla hata ya kugusa tozo nyingine.

Dhana: taarifa ya wakala ndiyo uthibitisho wa kodi iliyolipwa.

Taarifa ni madai ya wakala kwako, na imechanganya kodi za serikali, gharama za bandari, za kampuni ya meli na ada yake. Kilicholipwa serikalini kipo kwenye tamko, TANSAD, na kwenye stakabadhi ya malipo yenye namba ya kumbukumbu. Omba vyote viwili, kisha linganisha mstari kwa mstari. TANSAD ikionyesha 6,032,000 na taarifa 6,812,000, fedha ziko kwa wakala na ndiye wa kuzirudisha. Vikilingana, fedha zimeingia TRA na kosa liko ndani ya tamko.

Kwa birika zile, TANSAD ilionyesha thamani ya dola 10,480 na stakabadhi ilionyesha ushuru wa 6,812,000. Wakala hakuwa ameweka hata shilingi ya ushuru mfukoni. Alikosea kujaza. Sheria inaruhusu kuomba kurejeshewa ushuru uliolipwa kimakosa, mradi ombi lifike ndani ya miezi 12 tangu siku ya malipo, na ya kwetu ilikuwa imebaki mitatu. Tuliandika barua pamoja na wakala yule yule, tukaambatanisha ankara tukiwa tumezungushia wino neno CFR, hati ya shehena, hati ya bima, TANSAD na stakabadhi, na ukurasa mmoja wa hesabu unaoanza na 9,200 na 80.